Wazee wa Tlatelolco na mwaka unaoteleza

Babu yangu alikuwa akihesabu mwaka kwa mkaa. Ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni, palikuwa na vistari vyeusi vilivyopangwa kumikumi, na kila mwongo ulipotimia alichora mstari mmoja wa kulala. Miongo thelathini na sita, siku mia tatu na sitini. Halafu zinabaki siku tano, ndipo mwaka unaingia na watu wa Makunduchi wanashuka uwanjani na magome yao ya migomba kupigana, kibanda kinachomwa, na kila mtu anaingia mwaka akiwa hana kinyongo na mwenzake. Alikuwa akituambia kwamba enzi za utoto wake hata moto wa jikoni ulizimwa, ukawashwa mwingine kwa kupekecha vijiti.

Siku moja nilimuuliza, "Babu, mbona zamani mwaka ulikuwa ukiingia Agosti na sasa unaingia Julai?"

Akanijibu, "Mwaka haujasogea, mjukuu wangu. Kalenda ya Wazungu ndiyo iliyosogea."

Nilikuwa mtoto, nikaona hajui anachosema. Baadaye sana, nilipokuwa nimeshaanza kufundisha historia, nilielewa kwamba alikuwa na hoja. Mwaka wake ulikuwa wa siku 365 kamili, wala hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne unateleza nyuma kwa siku moja ukiupima kwa kalenda ya ukutani. Miaka arobaini, siku kumi. Mtu akiishi miaka themanini anauona mwaka umerudi nyuma kwa karibu siku ishirini.

Nimeanza na babu kwa sababu bila yeye nisingeelewa jambo moja la Waazteki, watu wa Meksiko ya kale, ambalo nimekaa nalo miezi kadhaa sasa.

Waazteki, au Wameksika kama walivyojiita, nao walikuwa na mwaka wa siku 365. Wao hawakuhesabu kwa miongo bali kwa ishirini: miezi kumi na minane ya siku ishirini ishirini, kisha siku tano za mwisho zilizoitwa nemontemi, siku zisizo na mwenyewe, ambazo mtu hakuanza kazi wala safari. Kila mwezi ulikuwa na sikukuu yake kubwa, yenye miungu yake, vyakula vyake, ngoma zake na, mara nyingi, watu wake wa kuuawa. Pembeni ya huo mwaka ilikwenda hesabu nyingine ya siku 260: alama ishirini za siku zikizunguka pamoja na namba moja hadi kumi na tatu. Hesabu hizi mbili zilianza pamoja, zikaachana, na zilikutana tena baada ya miaka 52 tu. Usiku huo wa kukutana watu walizima moto nchi nzima, wakavunja vyungu vyao, wakakaa gizani wakitazama kilima cha Huixachtecatl, ambako makuhani walipekecha moto mpya juu ya kifua cha mateka. Mara ya mwisho ilikuwa 1507. Miaka kumi na miwili baadaye Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, aliteremka pwani.

Ile ya siku 260 ilikuwa mikononi mwa watu maalumu, tonalpouhque, wahesabu-siku. Mtoto akizaliwa, mzazi alimwendea mhesabu-siku, naye akafungua kitabu chake cha michoro kilichokunjwa kama feni, akatazama siku ile ina alama gani na namba gani. Kama siku ni mbaya, hawakulazimika kuikubali hivyo hivyo. Kuoga na kupewa jina kungeweza kusogezwa mpaka siku njema iliyo karibu. Mimi naona humo busara ya watu wanaojua kuishi na hesabu yao bila kuwa watumwa wake.

Ile ya siku 365 ilikuwa ya dola. Hapa ndipo dini na utawala vilipokuwa kitu kimoja. Sikukuu za miezi zilifanyika katikati ya mji wa Tenochtitlan, mbele ya hekalu kuu lenye vyumba viwili juu yake, kimoja cha Huitzilopochtli, mungu wa vita na mlinzi wa Wameksika, kingine cha Tlaloc, mungu wa mvua. Kodi ya mikoa ililetwa kwa mafungu kufuata miezi hiyo hiyo. Mateka wa vita walioletwa waliingia mjini kwa ratiba hiyo. Na makuhani walioendesha yote walisomeshwa katika shule zilizoitwa calmecac, ambako vijana waliamshwa usiku wa manane kufukiza ubani na kujichoma masikio kwa miiba ya katani ili watoe damu.

Sasa, haya yote nimeyajuaje? Sehemu kubwa, kupitia mtu mmoja: mtawa Mfransiskani aliyeitwa Bernardino de Sahagún, aliyefika Meksiko 1529, miaka minane baada ya mji kuanguka, na kukaa huko zaidi ya miaka sitini mpaka alipofariki.

Sahagún hakuficha nia yake. Aliandika mwanzoni mwa kazi yake kwamba tabibu hawezi kutoa dawa bila kuujua ugonjwa na chanzo chake. Dini ya Waazteki ndiyo ugonjwa, yeye ndiye tabibu. Alikusanya kwa bidii ile ile ambayo mtu anatafutia mizizi ya magugu, ili asiache hata mmoja. Kwa ajili hiyo aliuliza maswali mengi kuliko mtawa mwingine yeyote, akayauliza kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki wenyewe, akaandika majibu kwa Kinahuatl. Nikimsoma huwa nasahau kwa kurasa nzima kwamba alikuwa adui wa kile anachokieleza. Halafu ghafla anakumbusha.

Namna alivyofanya kazi ni hii. Kwanza katika mji wa Tepepulco, mwishoni mwa miaka ya 1550, aliomba apewe wazee wanaojua mambo ya kale. Akawapelekea maswali aliyoyaandaa. Wazee walijibu kwa michoro, kama walivyozoea kuhifadhi mambo yao, na vijana wa Kinahuatl waliosomeshwa Kilatini na watawa wakaandika maelezo chini ya michoro. Kisha akahamia Tlatelolco, upande wa pili wa mji mkuu, akawaleta wazee wengine wapitie majibu ya wale wa kwanza, wasahihishe, waongeze. Matokeo yake, miaka ya 1570, ni vitabu kumi na viwili vyenye safu mbili: Kinahuatl upande mmoja, Kihispania upande mwingine, na picha karibu 2,500. Nakala hiyo sasa iko Florensi, Italia.

Safu hizo mbili hazisemi kitu kimoja. Kihispania mara nyingi ni kifupi, kinaruka, kinaongeza maoni ya mtawa. Anayesoma Kihispania peke yake amesoma muhtasari wa Sahagún. Lakini hata Kinahuatl hakikuandikwa na mkono usio na upande: walioshika kalamu walikuwa Wakristo waliosomea shule ya watawa, na mara nyingine wanamwita mungu wa babu zao kwa neno ambalo watawa walikuwa wameligeuza kuwa shetani.

Turudi kwenye mwaka. Sahagún anasimulia kwamba alipokuwa Tlatelolco alitaka kujua mwaka wa Waazteki ulianza siku gani. Aliona kila mahali wanasema tofauti. Akawakusanya wazee wengi, wale aliowaona wanajua zaidi, pamoja na wanafunzi hodari wa chuo cha watawa, wakabishana siku nyingi. Mwishowe wakakubaliana: mwaka ulianza tarehe 2 Februari.

Huwa nakifikiria chumba kile. Kuna wazee waliozaliwa kabla ya Wahispania kuja, wamezika watoto na wajukuu kwa ndui na magonjwa mengine, sikukuu zenyewe hazijafanyika kwa miaka arobaini kwa sababu kuzifanya ni kosa la kuadhibiwa. Mbele yao kuna mtawa mwenye kalenda ya Kilatini anayetaka tarehe moja tu. Akiondoka bila tarehe atakuwa hajapata jibu. Na tarehe iliyopatikana, 2 Februari, ni sikukuu ya Mama Maria ya kubariki mishumaa, siku ambayo kila mtu katika chumba kile alikuwa ameiadhimisha kanisani mwaka hadi mwaka. Sisemi kwamba waliitunga. Nasema kwamba swali la aina hiyo linataka jibu lililotulia, wakati kitu kinachoulizwa kinasogea.

Kwani mtawa mwingine, Diego Durán, aliyeandika katika miaka hiyo ya 1570, anauanza mwaka huo tarehe 1 Machi. Wengine wanauanza kwingine. Waandishi wa zamani wakichoka na ugomvi huu waliulaumu ujinga wa Waindio, yaani wenyeji. Mimi nikamkumbuka babu na vistari vyake vya mkaa.

Tujaribu kuuhesabu. Kama mwaka unaanza 2 Februari, mwezi wa tano, Toxcatl, unaanza siku themanini baadaye, tarehe 23 Aprili, na sikukuu yake, ukiiweka mwisho wa mwezi, inaangukia 12 Mei. Sasa kuna mwaka mmoja ambao sikukuu ya Toxcatl ilishuhudiwa na Wahispania kwa macho yao, nao ni 1520. Siku yenyewe inabishaniwa, lakini wanahistoria wengi huiweka katikati ya Mei au baada ya tarehe 20, si tarehe 12. Je, wazee walikosea? Wazee walizungumza na Sahagún mwanzoni mwa miaka ya 1560. Kati ya 1520 na hapo ni miaka arobaini na kitu, na kama mwaka wao haukuwa na siku ya nyongeza, umeteleza siku kumi au kumi na moja. Ongeza siku kumi kwenye 12 Mei: unapata 22 Mei. Na msomi wa Meksiko Alfonso Caso, aliyeifungamanisha kalenda hii na ya Ulaya kwa kuanzia siku mji ulipoanguka, 13 Agosti 1521, anaufikisha mwisho wa Toxcatl ya 1520 pale pale, tarehe 20 na kitu Mei.

Maana yake, kama hesabu hii ni sawa, wazee wa Tlatelolco hawakuwa wamesahau kitu. Waliendelea kuhesabu kimyakimya, siku baada ya siku, miaka arobaini baada ya mahekalu kubomolewa, na walimpa mtawa tarehe sahihi ya mwaka ule aliowauliza. Yeye ndiye aliyeichukua akaipigilia msumari, akaiandika kama tarehe ya siku zote. Wapo wanaopinga hesabu hii na kusema Waazteki waliongeza siku kila mwaka wa nne. Sahagún mwenyewe alikisia hivyo, akidhani nyongeza ilifanyika kwenye sikukuu ya kutoboa watoto masikio. Watawa wengine walikana kabisa kwamba Waindio walijua kitu kama hicho. Mimi niko na wanaosema mwaka uliteleza, na sikatai kwamba babu yangu ananivuta upande huo.

Jinsi Sahagún alivyoichukia ile hesabu ya siku 260 ni ushahidi mwingine. Kuna mtawa wa shirika lake mwenyewe aliyekuwa ameisifu kama kalenda yenye hekima. Sahagún akamjibu kwa ukali kwamba mwaka una siku 365, hii ina 260, kwa hiyo si kalenda bali ni ramli na kazi ya shetani. Kwa mantiki yake, kitu kinachohesabu siku kwa namna ambayo Ulaya haikuwa nayo hakiwezi kuwa hesabu. Ukijua hilo unasoma kila anachosema juu ya wahesabu-siku kwa tahadhari, lakini maelezo ya mzazi anayesogeza siku ya kumpa mtoto jina unayaamini, kwa sababu hayamsaidii kushinda ugomvi wake. Ndiyo njia ninayoitumia mimi: sentensi inayomsaidia mwandishi kwenye hoja yake naipima mara mbili, ile ambayo haimsaidii, aliyoiandika kwa sababu tu aliambiwa, naipa uzito.

Nitumie Toxcatl yenyewe kuonyesha. Ilikuwa sikukuu ya mungu Tezcatlipoca. Mwaka mzima kabla, makuhani walichagua kijana mmoja kati ya mateka, asiye na kovu, asiye mrefu mno wala mfupi, na Kinahuatl kinaorodhesha kwa urefu wa ajabu kasoro zote ambazo hakutakiwa kuwa nazo: meno, kope, kucha, paji la uso. Alifundishwa kupiga filimbi, kushika maua na kuvuta mrija wa tumbaku kama mabwana. Alitembea mjini na wasindikizaji, na watu walimwinamia kwa sababu hakuwa tena mtu anayemwigiza mungu, alikuwa mungu anayeonekana. Siku ishirini kabla ya mwisho alipewa wanawake wanne wenye majina ya miungu wa kike. Siku yenyewe alipanda ngazi za hekalu dogo nje ya mji peke yake, kwa miguu yake, na katika kila ngazi alivunja filimbi moja kati ya zile alizokuwa akipiga mwaka mzima.

Kihispania kinaongeza kwamba sikukuu hii ilikuwa kubwa kuliko zote, kama Pasaka, na iliangukia siku chache baada ya Pasaka. Hapo mkono wa mtawa unaonekana: anatafuta Pasaka ya shetani, kijana anayekufa na mwingine kuchaguliwa mahali pake. Ulinganisho huo ni wake. Zile filimbi si zake. Hazina kazi katika hoja yake yoyote. Ni za mzee aliyekuwepo.

Mwaka 1520 sikukuu hii iligeuka kuwa kitu kingine. Cortés alikuwa ameondoka kwenda pwani kupambana na Mhispania mwenzake, Pánfilo de Narváez, na mji aliuacha chini ya Pedro de Alvarado. Wameksika waliomba ruhusa ya kufanya sikukuu, wakapewa. Wanawake waliofunga mwaka mzima walisaga mbegu za mchicha, zikakandwa donge, likafinyangwa kuwa sanamu ya Huitzilopochtli na kuvishwa masikio, pua na mavazi yake. Wacheza ngoma wakaingia uwanjani bila silaha. Walipokolea, Wahispania wakafunga milango. Kinahuatl kinaitaja milango hiyo kwa majina, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha kwa kidole. Kisha kinasema walimwendea mpiga ngoma kwanza, wakamkata mikono yote miwili, halafu kichwa.

Alvarado aliposhtakiwa 1529 alijitetea kwamba sikukuu ilikuwa njama ya kuwaua Wahispania. Utetezi huo ulirudiwa vitabuni kwa karne. Uweke karibu na yale majina ya milango uone ni maelezo gani yamebeba alama ya mtu aliyesimama pale.

Ninajua nikisema hivi kuna atakayedhani nataka kuwatetea Waazteki kwamba hawakuua watu. Waliua. Durán anasema hekalu kuu lilipozinduliwa 1487 waliuawa watu 80,400 kwa siku nne. Chukua kalamu: siku nne ni dakika 5,760, kwa hiyo ni watu kumi na wanne kila dakika, usiku na mchana bila kupumzika. Haiwezekani kwa mikono ya makuhani, na namba kubwa namna hiyo ilikuwa faida kwa kila aliyetaka kuhalalisha uvamizi. Baadaye wasomi kadhaa walichukizwa na namba hizo wakaenda upande wa pili, wakashuku kwamba hata uchaga wa mafuvu walioueleza askari wa Cortés ulitiwa chumvi mno. Mwaka 2015 waakiolojia wakauchimbua, chini ya nyumba ya zamani nyuma ya kanisa kuu la Jiji la Meksiko, na mnara wa mafuvu ukasimama pale yakiwa yamejengewa kwa chokaa. Mpaka 2020 walikuwa wamehesabu zaidi ya 600, ya wanaume, wanawake na watoto. Askari mmoja, Andrés de Tapia, alidai yalikuwa 136,000. Uchaga ulikuwepo, namba yake haikuwepo.

Kwa Wainka, huko Amerika Kusini, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna safu ya pili. Dola yao, Tawantinsuyu, haikuwa na maandishi ya aina tunayoyajua. Kumbukumbu zilikaa kwenye khipu, nyuzi zenye mafundo, na kwa watu waliojua kuzisoma. Hakuna kijana msemaji wa Kikechua, lugha yao, aliyeketi na wazee miaka ya mwanzo kuandika neno kwa neno walivyosema kuhusu sikukuu za Kusko, mji mkuu wao. Tulicho nacho ni Kihispania, na kila mwandishi alikuwa na mwajiri au na jeraha.

Tazama kalenda yao. Inajulikana kwamba Wainka walisimamisha nguzo kwenye vilima vya Kusko na kulitazama jua likichomoza au kuzama kati yake, ili kuhani mkuu wa Jua, Willaq Umu, na watu wake wajue majira ya kupanda na siku ya Inti Raymi, sikukuu ya Jua ya mwezi Juni. Nguzo ngapi? Juan de Betanzos, aliyeoa binti wa ukoo wa kifalme, anataja nne. Polo de Ondegardo, hakimu wa Kusko, na wanaomfuata wanasema kumi na mbili. Garcilaso de la Vega anasema kumi na sita, nane mashariki na nane magharibi. Kumi na mbili inanifanya nikunje uso. Ni namba ya mtu ambaye tayari ana miezi kumi na miwili kichwani na anatafuta mahali pa kuiweka. Za Kusko zimeng'olewa zote, hakuna wa kuzihesabu. Lakini kwenye Kisiwa cha Jua, ziwani Titikaka, waakiolojia walikuta misingi ya nguzo mbili kilimani, na jua la Juni linazama kati yake kwa mtu aliyesimama karibu na mwamba mtakatifu. Kwamba nguzo zilikuwa za jua, basi, ni kweli.

Mwajiri mkubwa kuliko wote alikuwa Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme wa Uhispania. Alimwagiza Pedro Sarmiento de Gamboa aandike historia ya Wainka, na mwaka 1572 ikasomwa hadharani Kusko mbele ya wazee 42 wa koo za kifalme, waithibitishe. Wakaithibitisha, kwa masahihisho madogo. Historia hiyo inasema babu zao walikuwa madhalimu wasio na haki ya nchi. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika uwanja wa mji huo huo, Toledo alimkata kichwa Tupac Amaru, mfalme wao wa mwisho. Sahihi 42 chini ya kitabu kile ni za watu waliojua wanasomewa na nani.

Garcilaso alikuwa na jeraha. Mama yake alikuwa binti wa kifalme wa Inka, baba yake kapteni wa Kihispania. Aliondoka Kusko akiwa na miaka ishirini, akazeeka Uhispania, na kitabu chake kilitoka 1609. Ndani yake dini ya Wainka ni safi: wanaliabudu Jua, wanakaribia kumjua Mungu mmoja, na hawatoi kafara ya binadamu kabisa. Alikuwa anawajibu Toledo na wenzake, na ninamwelewa kwa moyo wote. Mtu akitukaniwa mama yake hajibu kwa vipimo. Kitabu chake kilipendwa. Inti Raymi inayochezwa Kusko kila Juni iliundwa upya 1944 kwa kutegemea maelezo yake, na watalii wanaoitazama wanatazama Wainka wa Garcilaso.

Upande wa pili alikuwepo padri Mhispania, Cristóbal de Molina, aliyehudumu hospitali ya Waindio Kusko na kujua Kikechua vizuri. Karibu mwaka 1575 aliandika ripoti kwa askofu wake. Anaeleza qhapaq hucha: watoto walioteuliwa mikoani wakaletwa Kusko, wakazungushwa uwanjani mbele ya Inka, yaani mfalme wao, kisha wakatembezwa kwa mistari iliyonyooka, juu ya milima na mabonde bila kukwepa, mpaka mahali pa kutolewa kafara. Padri anayemwandikia askofu juu ya ibada za kishenzi ndiye shahidi ambaye ningekuwa wa kwanza kumtilia shaka.

Mwaka 1999 kikosi cha Johan Reinhard na Constanza Ceruti kilipanda mlima Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, mita 6,739 juu ya bahari. Karibu na kilele walikuta watoto watatu wamekaa kwenye baridi kavu, wakiwa kama waliolala jana. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi na mitatu hivi. Molina alisema kweli. Garcilaso, mtoto wa nyumba ile, hakusema.

Nywele za msichana huyo zilipimwa. Nywele ya binadamu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukiisoma kutoka ncha kwenda kwenye ngozi unasoma miezi. Mwanzoni chakula chake ni cha kimaskini, viazi na mizizi. Kisha, kama mwaka mmoja kabla ya kufa, kinabadilika ghafla: nyama na mahindi, chakula cha wakubwa. Koka nayo inapanda tangu mwaka huo. Majuma ya mwisho kabisa inaongezeka pombe ya mahindi, na nyingi. Ni mwaka ule ule wa maandalizi, uliohesabiwa na makuhani kutoka Kusko, na haukupita kwenye kalamu ya mtawa wala ya hakimu. Nywele zenyewe zimesukwa vitutu vidogovidogo vingi, kwa uangalifu, vinaning'inia mabegani mwake. Kuna mtu alikaa nyuma yake, siku za mwisho, akavisuka kimoja kimoja.